Fleti Iliyo Bado Kwenye Ramani: Mkataba, Malipo kwa Hatua na Haki za Mnunuzi Mwendelezaji Anapochelewa

Wengi wetu Mbeya na Iringa tumezoea kujenga wenyewe kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, paa likisubiri mavuno au kiinua mgongo. Fedha zikikatika, ujenzi unasimama, lakini kiwanja ni chetu na tofali lililopo ni letu. Anayenunua fleti ikiwa bado kwenye ramani yuko mahali tofauti kabisa. Anatoa fedha yake, mtu mwingine anajenga juu ya ardhi ya mtu huyo huyo, na hadi jengo likamilike mnunuzi hana kitu mkononi isipokuwa karatasi. Kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo tutakayoishughulikia hapa, na hasa sehemu yake moja inayoumiza wanunuzi kuliko nyingine zote, yaani tarehe ya kukamilisha na kinachofuata tarehe hiyo inapopita.

Nitatumia mfano wa mnunuzi mmoja niliyemsaidia, mwalimu wa sekondari aliyenunua fleti ya vyumba viwili Mbeya mjini katika jengo la ghorofa nne. Bei ilikuwa shilingi milioni 150. Alisaini mkataba Machi 2023, na tarehe ya kukamilisha ilikuwa 31 Oktoba 2024. Kampuni sitaitaja.

Hatua ya kwanza: thibitisha ardhi kabla ya kuzungumzia bei

Omba nakala ya hati ya kiwanja, kisha ufanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa kwa kulipia ada yake. Matokeo ya upekuzi yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, matumizi yaliyoruhusiwa, miaka iliyobaki katika hati, na kama kuna rehani au zuio. Jina la mmiliki lazima lilingane na jina la kampuni inayokuuzia. Nimeona kampuni ikiuza fleti wakati kiwanja bado kiko kwa jina la mkurugenzi mmoja, na mkurugenzi huyo hakuwa sehemu ya mkataba. Mnunuzi wa namna hiyo ameahidiwa kitu na mtu asiyekimiliki.

Rehani si sababu ya kukimbia, kwa kuwa waendelezaji wengi hujenga kwa mkopo wa benki, lakini ni sababu ya kudai barua. Benki iandike kwamba inafahamu mauzo ya fleti yako na kwamba itaiachia kutoka katika rehani pale utakapomaliza kulipa bei. Bila barua hiyo, kampuni ikishindwa kulipa mkopo wake, benki itauza kiwanja pamoja na jengo, na madai yako yatasimama nyuma ya madai ya benki.

Vilevile tazama kibali cha ujenzi kilichotolewa na halmashauri ya jiji au manispaa, na uhesabu ghorofa zilizoidhinishwa. Usajili wa kampuni unathibitishwa BRELA, mkandarasi anathibitishwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mbunifu pamoja na mkadiriaji majenzi wanathibitishwa katika bodi yao. Kazi hii yote haimalizi wiki mbili, na mwendelezaji anayekuambia kwamba nafasi itapotea usipolipa leo ndiye unayepaswa kumchunguza kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya pili: panga malipo yafuate jengo, yasifuate kalenda

Rasimu za kampuni mara nyingi huja na ratiba ya miezi: asilimia 30 wakati wa kusaini, kisha kiasi fulani kila robo mwaka. Ratiba hiyo ikataliwe. Kalenda hutembea hata mafundi wanapokuwa hawapo saiti, na mnunuzi anayelipa kwa kalenda anaweza kujikuta amelipa asilimia 90 ya bei wakati jengo liko nusu. Fedha ambayo hujailipa bado ndiyo kinga yako ya kwanza, na kwa maoni yangu ni kinga yenye nguvu kuliko hukumu yoyote ya mahakama, kwa sababu hukumu dhidi ya kampuni isiyo na fedha ni ushindi usiolipa kodi ya nyumba.

Ratiba tuliyokubaliana kwa ajili ya Mwalimu, baada ya barua nne za kuvutana, ilikuwa hii. Asilimia 10, yaani milioni 15, zililipwa wakati wa kusaini, na ndani yake ikahesabiwa ada ya kuhifadhi nafasi aliyokwisha kuitoa. Asilimia 15, milioni 22.5, zingelipwa msingi utakapokamilika. Asilimia 20, milioni 30, zingelipwa zege la sakafu ya ghorofa ya juu litakapokamilika. Asilimia 15, milioni 22.5, zingefuata kuta zote na paa. Asilimia nyingine 15 zingefuata plasta, madirisha, mabomba na nyaya. Asilimia 15 zingetolewa siku ya kupokea funguo, na asilimia 10 za mwisho, milioni 15, zingebaki mikononi mwake hadi hati ya umiliki wa sehemu ya jengo itoke kwa jina lake. Kampuni ilipinga sana kifungu hicho cha mwisho, nasi tukakishikilia.

Kila hatua iandikwe kwa kipimo ambacho watu wawili wakisimama saiti hawawezi kubishana. Neno "kukamilika" peke yake halitoshi, na nilijifunza hilo nikiwa na Mwalimu saiti Januari 2024, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Siku mbili kabla, kampuni ilikuwa imemtumia ankara ya milioni 30 kwa maelezo kwamba sakafu ya ghorofa ya juu imekamilika asilimia 100. Tulipanda ngazi ambazo hazikuwa na vishikio, tukainama chini ya sakafu hiyo, na tukakuta mirunda imesimama karibu karibu kama shamba la mahindi, mbao za kufungia zege bado ziko juu, na maji yakichuruzika pembeni.

"Fundi, hii mirunda mnaitoa lini?" Mwalimu aliuliza.

Fundi alijibu bila kuficha: "Bado, Mwalimu. Zege hili tumelimwaga Alhamisi iliyopita, leo lina siku sita tu. Nikitoa mirunda sasa hivi nitakuwa nimewaua vijana wangu."

Zege hupimwa nguvu yake kwa kawaida likiwa na siku 28. Kwa bahati nzuri mkataba ulieleza kwamba hatua hiyo ni zege lililofikisha siku 28, mirunda imeondolewa, na mhandisi wa mradi ameandika cheti cha hatua. Mwalimu hakukataa kulipa, bali alijibu ankara kwa barua fupi akitaja kifungu na kuomba cheti, nacho kikaja Februari. Kama mkataba ungesema tu "ikikamilika", angekuwa ameitwa mdaiwa sugu kwa sababu ya zege la siku sita.

Ongeza mambo mawili katika sehemu hii. La kwanza ni haki ya kuingia saiti pamoja na mkaguzi wako, kwa taarifa ya siku tatu au zaidi kidogo, na kusitisha malipo ya hatua inayobishaniwa hadi cheti kitolewe. La pili ni bei yenyewe: iandikwe kama inajumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani au la, na kwamba haitapanda kwa sababu ya bei ya saruji, nondo au mafuta. Mwendelezaji ndiye aliyechagua kuuza kabla ya kujenga, naye ndiye anayebeba hatari ya soko la vifaa.

Hatua ya tatu: andika tarehe, siyo matumaini

Sehemu hii ndiyo ninayowaomba wanunuzi waisome mara tatu. Rasimu nyingi huandika kwamba fleti "inatarajiwa" kukamilika ndani ya miezi 18 "tangu kupatikana kwa vibali vyote". Sentensi hiyo haina tarehe. Haijulikani ni vibali gani, na anayevitafuta ni kampuni yenyewe, hivyo kampuni ndiyo inayoamua saa ianze kuhesabu lini. Dai siku, mwezi na mwaka.

Tarehe hiyo ipimwe kwa mvua zetu. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mbeya wakati mwingine mvua huingia hadi Mei. Jengo ambalo ratiba yake inaonyesha paa litawekwa Januari limekwisha kuchelewa tangu siku ya kusaini, kwa sababu plasta ya ndani, dari na nyaya haviwezi kuendelea vizuri chini ya anga iliyo wazi. Omba ratiba ya ujenzi iambatishwe kwenye mkataba, kisha utazame kama paa linaangukia kabla ya Novemba. Kama sivyo, ni heri kukubaliana tarehe ya mbali iliyo ya kweli kuliko ya karibu iliyo ya kukufurahisha.

Kwa sababu hiyo hiyo, mvua za msimu zisiingizwe katika orodha ya majanga yasiyozuilika. Karibu kila mkataba humpa mwendelezaji nyongeza ya muda kwa ajili ya vita, tetemeko, mafuriko makubwa au amri ya serikali, na hilo ni haki. Lakini mvua ya Februari Mbeya si janga, ni kalenda. Kifungu kiseme wazi kwamba mvua za kawaida za msimu, ukosefu wa fedha, mgogoro na mkandarasi, na kupanda kwa bei ya vifaa havitoi nyongeza ya siku hata moja. Kiseme pia kwamba mwendelezaji anayetaka nyongeza kwa janga la kweli atatoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 14 tangu janga litokee, na nyongeza haitazidi siku ambazo janga lilizuia kazi.

Kisha eleza maana ya kukamilisha. Kwa mnunuzi, fleti imekamilika inapokuwa na umeme na maji yanayotoka bombani, ngazi na njia salama za kuifikia, na kibali cha kulitumia jengo kutoka kwa mamlaka ya jiji baada ya ukaguzi. Fleti iliyopakwa rangi vizuri lakini inayosubiri maji kwa miezi mitano haikaliki.

Mwisho, iandikwe sentensi hii au inayofanana nayo: "Muda ni kiini cha mkataba huu kuhusu tarehe ya kukamilisha na kukabidhi." Ina kazi kubwa. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinatofautisha mkataba ambao muda ni kiini na ule ambao muda si kiini. Katika ule wa kwanza, aliyeahidiwa anaweza kuuvunja mkataba mwenzake anaposhindwa kutimiza kwa wakati. Katika ule wa pili hana haki ya kuuvunja kwa kuchelewa peke yake, bali anadai fidia ya hasara aliyopata. Usiache jambo hilo likisiwe baadaye na hakimu.

Hatua ya nne: fidia na mlango wa kutokea

Mkataba wa Mwalimu ulimpa mwendelezaji siku 90 za neema baada ya 31 Oktoba 2024, yaani hadi 29 Januari 2025. Baada ya hapo angelipa fidia ya asilimia 1 kwa kila mwezi kamili, ikihesabiwa kwenye fedha ambazo mnunuzi alikuwa amelipa kufikia tarehe ya kukamilisha. Kufikia tarehe hiyo alikuwa amelipa asilimia 60, yaani milioni 90, hivyo fidia ilikuwa shilingi 900,000 kwa mwezi.

Kiasi hicho hatukukiokota hewani. Mwalimu alikuwa amepanga nyumba kwa shilingi 400,000 kwa mwezi, na alikuwa na mkopo wa milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo ni milioni 6 kwa mwaka, sawa na 500,000 kwa mwezi. Kodi na riba kwa pamoja ndizo zilizofanya 900,000. Hesabu hiyo tuliiandika na kuiambatisha, na sababu yake iko katika kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba. Pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake kiasi kilichoandikwa ni dari, si ahadi kwamba utapewa chote, na mnunuzi anayeweza kuonyesha kilikotoka anasimama vizuri zaidi. Maana yake nyingine ni kwamba ukikubali fidia ndogo ya kukudanganya, kwa mfano shilingi 50,000 kwa mwezi, umejifungia mlango mwenyewe. Kama huna uhakika na kiasi, ni afadhali mkataba usitaje chochote, kwani hapo kifungu cha 73 kinakuruhusu kudai hasara halisi iliyotokana na uvunjaji, ukiithibitisha kwa risiti.

Kosa moja tulilifanya, nami nalisema ili lisirudiwe. Tulikubali fidia ianze kuhesabiwa baada ya siku za neema kwisha. Ilipaswa kuandikwa kwamba mwendelezaji akizipita siku za neema, fidia inarudi nyuma na kuanza 1 Novemba 2024. Tofauti yake utaiona mbele.

Mlango wa kutokea ni tarehe ya mwisho kabisa, ambayo kwa Mwalimu ilikuwa 31 Julai 2025. Ikipita bila kukabidhiwa, mnunuzi anaweza kujitoa kwa barua, na mwendelezaji anarejesha fedha zote pamoja na riba ndani ya siku 30. Usikubali kifungu kinachomruhusu kukata "gharama za usimamizi" pale ambapo kosa ni lake. Jiulize pia fedha hizo zitatoka wapi. Ikiwezekana ziwekwe katika akaunti maalumu benki, zitolewe kwa vyeti vya hatua, au benki itoe dhamana ya marejesho. Waendelezaji wadogo wa huku kwetu mara nyingi watakataa yote mawili. Wakikataa, uzito wote unarudi kwenye ratiba ya malipo, na ndiyo maana niliiweka mbele.

Mkataba uwe wa maandishi na usainiwe na wote, kwa sababu Sheria ya Ardhi haitambui madai ya mauzo ya ardhi yaliyobaki mdomoni. Ulipiwe pia ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru hukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji.

Hatua ya tano: tarehe inapopita

Asubuhi ya 1 Novemba 2024 Mwalimu alikwenda saiti akapiga picha: paa lipo, plasta imefika ghorofa ya pili, fleti yake haina madirisha. Mkadiriaji majenzi aliandika ripoti ya kurasa mbili kuhusu kilichofanyika na kilichobaki. Ripoti ya namna hiyo ina thamani kubwa ikiandikwa siku ile ile, kwa kuwa miezi sita baadaye kila upande utakumbuka jengo lake.

Siku hiyo hiyo ilipelekwa barua ya taarifa. Haikuwa na matusi wala vitisho. Mwili wake ulikuwa huu:

"Kwa mujibu wa kifungu cha tarehe ya kukamilisha, fleti ilipaswa kukabidhiwa tarehe 31 Oktoba 2024, na haijakabidhiwa. Muda wa neema utaisha tarehe 29 Januari 2025. Naomba ratiba mpya ya maandishi ndani ya siku 7. Barua hii, pamoja na malipo yoyote nitakayofanya au kupokea baada ya leo, havimaanishi kwamba nimekubali ucheleweshaji au kuachia haki yangu yoyote."

Nakala ilisainiwa na mpokeaji kwa jina, tarehe na mhuri, na nyingine ikaenda kwa barua pepe iliyotajwa kwenye mkataba. Ujumbe wa simu na mazungumzo ya ana kwa ana visaidie tu, visiwe taarifa yenyewe. Sentensi ya mwisho ya barua ndiyo muhimu kuliko zote: mnunuzi anayeendelea kulipa na kunyamaza huku miezi ikipita anampa mwendelezaji hoja kwamba ameongeza muda kwa vitendo.

Hapa wapo wanaokosea kwa hasira. Wanasitisha malipo yote, hata ya hatua iliyokwisha kutimia na kupewa cheti, na kwa kufanya hivyo wanakuwa wao ndio waliovunja mkataba. Kanuni ni kulipa hatua iliyotimia, kutolipa ambayo haijatimia, na kuandika barua katika hali zote mbili. Plasta, madirisha na nyaya vya fleti ya Mwalimu vilipopata cheti Aprili 2025, alilipa milioni 22.5 zake akiambatisha barua ya kutunza haki.

Kampuni ilijibu kwamba mvua zilikuwa nyingi na saruji imepanda. Jibu letu lilikuwa mistari miwili na namba ya kifungu.

Hatua ya sita: kubaki au kujitoa, na wapi pa kudai

Mwalimu alibaki. Jengo lilikuwa linakwenda, ingawa polepole, na bei za fleti mjini zilikuwa zimepanda, hivyo milioni zake za marejesho zisingemrudishia fleti kama ile. Mnunuzi ambaye jengo lake limesimama kwenye nguzo, saiti haina fundi na simu hazipokelewi, ana hesabu nyingine. Yeye asisubiri tarehe ya mwisho kabisa bila kujilinda, bali amwone wakili mapema kuhusu kuweka zuio katika daftari la Msajili wa Hati, ili kiwanja kisiuzwe wala kuwekewa rehani mpya bila yeye kujua.

Usitegemee sana amri ya kumlazimisha mwendelezaji ajenge. Mahakama ni nzito kusimamia ujenzi tofali kwa tofali. Ni nyepesi zaidi kuamuru fleti iliyokwisha ihamishiwe kwa mnunuzi, au fedha zirejeshwe pamoja na fidia.

Soma kwanza kifungu cha migogoro. Kama mkataba umechagua usuluhishi, mahakama inaweza kusimamisha shauri hadi usuluhishi ufanyike. Kama haukuchagua, na mgogoro unagusa haki yako katika ardhi, njia inaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, si kuamua. Likishindwa, linatoa cheti, na cheti hicho ndicho kinachofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza hilo husikiliza mashauri ya kurejesha mali isiyohamishika ya thamani isiyozidi milioni 300, na mengine yanayokadirika kwa fedha yasiyozidi milioni 200. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, yenye masjala Mbeya na Iringa. Dai la fedha peke yake linaweza kuhesabiwa kuwa shauri la kawaida la mkataba, nalo likaenda mahakama za kawaida. Wakili wako aliamue hilo kabla ya kufungua, kwa kuwa shauri lililofunguliwa mahali pasipo mamlaka hufutwa na unaanza upya. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa.

Hatua ya saba: siku ya funguo

Funguo za Mwalimu zilikuwa tayari 30 Juni 2025. Mhudumu wa kampuni alimwekea fomu mezani, kalamu ikiwa juu yake, na mstari wa mwisho ulisomeka: "Nimepokea fleti nikiwa nimeridhika na sina dai lolote dhidi ya kampuni."

Mstari huo ungemgharimu fidia yote. Kifungu cha 55 kinasema kwamba aliyeahidiwa akikubali utekelezaji uliochelewa hawezi tena kudai fidia ya ucheleweshaji, isipokuwa kama wakati wa kukubali alitoa taarifa kwamba atadai. Wakati wa kukubali, siyo wiki ifuatayo. Mwalimu aliufuta mstari ule kwa kalamu, akaandika juu ya sahihi yake: "Napokea funguo bila kuachia dai langu la fidia ya ucheleweshaji kuanzia tarehe 30 Januari 2025, na kwa orodha ya kasoro iliyoambatishwa." Mhudumu akasema, "Mama, fomu haichorwi." Akampigia simu bosi wake, na baada ya dakika kama ishirini akagonga mhuri.

Kabla ya kusaini tulikuwa tumezunguka fleti kwa saa mbili tukifungua kila bomba, tukiwasha kila taa na kumwaga ndoo ya maji bafuni kuona yanaelekea wapi. Yalielekea mlangoni. Kasoro hiyo na nyingine kumi na moja ziliingia kwenye orodha, na mwendelezaji alikuwa na muda wa matazamio wa miezi 12 kuzirekebisha kwa gharama zake.

Fidia ilihesabiwa papo hapo. Kuanzia 30 Januari hadi 29 Juni ni miezi mitano kamili, mara 900,000, sawa na milioni 4.5. Kama tungeandika kwamba fidia inarudi hadi 1 Novemba, ingekuwa miezi saba kamili, yaani milioni 6.3, hivyo sentensi moja iliyokosekana ilimpunguzia Mwalimu milioni 1.8. Mkataba ulimruhusu kukata fidia kwenye malipo ya funguo, kwa hiyo badala ya milioni 22.5 alilipa milioni 18. Hakuhitaji kumshitaki mtu, kwa sababu fedha ilikuwa bado mikononi mwake.

Zilibaki milioni 15 za hati. Umiliki wa fleti kisheria unakamilika chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, pale ramani ya sehemu za jengo inaposajiliwa na kila fleti kupata hati yake, pamoja na mgao wake katika ngazi, paa na uwanja wa pamoja. Wapo waendelezaji wanaokabidhi funguo kisha wanasahau kazi hii, na mnunuzi anakaa miaka ndani ya fleti asiyoweza kuiweka rehani wala kuiuza kwa bei yake. Meneja wa kampuni ya Mwalimu amempigia simu mara tatu kuulizia zile milioni 15, na mara zote tatu Mwalimu amemjibu kwa adabu kwamba fedha ziko benki, anasubiri hati tu.